Giza la Kweli

Rafiki yangu aliniletea beti za kumlilia bibi yake, azisome kwenye arobaini. Ubeti wa kwanza ulianza hivi:

Bibi ulikuwa nyota, ukiangaza gizani,
Na ua lenye kuvuta, harufu njema shambani.

Mizani ilikaa sawa, nane kwa nane, na vina vilipatana. Lakini ondoa "Bibi", weka bibi harusi au timu ya mpira: hakuna neno lingine la kubadilisha. Hapo ndipo ninapoijua taswira iliyochakaa. Inamkaa kila mtu, kama kanzu ya kuazima.

Nikamwuliza mikono ya bibi ilikuwa ikifanya nini. Akasema alikaanga vitumbua akiuza, na usiku, wengine wamelala, alihesabu sarafu kwa kupapasa, hawashi taa. Tukabakiza vina vilevile, kwa sababu -ta ilituletea mafuta bila kulazimisha:

Kidole chenye mafuta, chahesabu gizani mle…

Mstari huo uliharibika: kipande cha pili kina mizani tisa, na kina kimetupotea. Tukapunguza:

Kidole chenye mafuta, kikihesabu gizani,
Sarafu akizifuta, azitie kikoponi.

"Gizani" ile ile ya rasimu ya kwanza, ila sasa ni giza la chumba fulani. Nilifurahi. Yeye akanyamaza, kisha akasema kwa nini taa haikuwashwa: sehemu ya fedha ilikuwa ya mjomba, ambaye babu alimfukuza nyumbani na kukataza asisaidiwe. Babu yu hai. Arobaini atakaa mbele kabisa.

Ua halimfichui mtu. Nadhani ndiyo maana tunalikimbilia misibani. Si uvivu tu, kuna adabu ndani yake. Taswira mahususi ina anwani, na anayeishi kwenye anwani hiyo anaweza kuumia. Je, tulirudishe ua?

Nilikataa. Ua lingemficha babu, lakini lingemfuta bibi pia. Shairi halidaiwi kusema yote yaliyotokea. Linadaiwa, kwa maoni yangu, lisiseme ambalo halikutokea. Kwa hiyo nilimwuliza bibi alikuwa ameketi wapi. Kwenye mkeka, akasema, miguu ameinyoosha.

Kidole chenye mafuta, chahesabu mkekani,
Sarafu akizifuta, azitie kikoponi.

Mizani nane, na kina cha -ni kipo. Kikopo babu anakijua, kilikaa wazi juu ya kabati. Alilipinga kidogo: "Mkeka hauna uzito wa giza." Ni kweli, hauna. Mstari umepungua nguvu, na sikujifanya sivyo. Ila kidole bado ni cha bibi yake, wala hakimkai bibi wa mtu mwingine.

Arobaini atasoma wa mkekani. Wa gizani ameunakili kwenye karatasi, na ana safari ya kumpelekea mjomba.