Shangazi Akikuandikia "Eleza"

Mwanangu, picha ya utani ikiingia kwenye kundi la ukoo, hakosekani mtu mmoja wa kuirudisha na neno moja tu chini yake: eleza. Wengi wenu mnalijibu neno hilo kwa njia mbili, na zote mbili zinaniuma. Wapo wanaoandika "achana nayo tu, mambo ya vijana," na mtu mzima anaachwa mlangoni huku wenzake wanacheka ndani. Wapo wanaomwaga waraka mzima, historia ya picha tangu ilipopigwa, mpaka aliyeuliza anajuta kuuliza. Nataka nikuonyeshe njia nyingine, na nitatumia picha moja tu, maana ukiielewa hiyo vizuri hutababaika na nyingine.

Juu ya picha pameandikwa mistari miwili. Wa kwanza: "Luku: yuniti 0.9." Wa pili: "Mama: washa jiko la umeme uchemshe maharage." Chini yake kuna wanaume Waafrika wenye suti nyeusi na miwani ya jua, wamebeba jeneza mabegani huku wakicheza. Hakuna neno jingine.

Tuseme picha hiyo umeituma wewe jioni, na majibu mawili yamefuatana. Shangazi yako wa Tanga ameandika eleza. Binamu yako aliyezaliwa na kukulia Maskati naye ameandika eleza. Wameandika neno lile lile, lakini wasichokijua ni tofauti kabisa, na hapo ndipo kazi yako inapoanzia. Kabla hujaandika chochote, jiulize: huyu amekosa kipande gani? Utani wa picha huwa umesimama juu ya mambo mawili au matatu ambayo mtumaji anadhani kila mtu anayajua. Aliyekwama amekwama kwenye moja. Mpe hilo moja.

Tuanze na binamu, maana kwake ni rahisi. Wale wanaume wa jeneza anawajua. Ameshawaona kwenye simu mara nyingi. Asichokijua ni luku. Hajawahi kusimama mbele ya mita akiingiza tarakimu za tokeni, wala kuona yuniti zinavyoshuka usiku huku duka la jirani limeshafungwa. Mwandikie hivi: "Luku ni umeme tunaolipia kabla ya kutumia. Yuniti 0.9 haifikishi hata saa moja jikoni." Inatosha.

Wewe mwenyewe, hata hivyo, uwe na hesabu yake, kwa sababu jibu fupi linataka mtu anayejua zaidi ya anachokisema. Yuniti moja ni wati 1000 kwa saa nzima. Sahani ya jiko la umeme ya wati 1500 ikiwaka mfululizo itaimaliza 0.9 katika dakika 36, na hapo friji na taa hatujazihesabu. Maharage makavu ambayo hayakulowekwa yanataka zaidi ya saa moja. Giza litaingia sufuria ikiwa bado inapiga kelele na maharage yakiwa magumu. Hesabu hiyo usimtumie binamu. Ibaki kwako, akikuuliza "kwani jiko linakula kiasi gani?" uwe na la kumjibu.

Kwa shangazi mambo yanageuka. Luku anaijua kuliko wewe. Huenda ndiye aliyeinunua asubuhi. Maharage ndiyo usiseme. Kilichomsimamisha ni lile jeneza. Kwetu pwani, maiti ya Mwislamu huvishwa sanda na kuharakishwa kaburini, wanaume wakipokezana jeneza mabegani huku wakimtaja Mungu. Mtu aliyezikiwa wazazi wake hivyo, akiona jeneza linachezeshwa, jambo la kwanza linalomjia ni kwamba wanawe wanamcheka maiti. Basi eleza yake ina swali na ina mshtuko, na jibu lako lazima liguse vyote viwili.

Wanaume wale ni wa Ghana. Kiongozi wao ni Benjamin Aidoo, na kikundi chao kinahusishwa na mji wa wavuvi wa Prampram, mashariki ya Accra. Familia iliyofiwa inapokwenda kwao, Aidoo huwauliza wanataka ubebaji wa utulivu au wa kucheza, na wanaotaka ngoma ndio wanaochezewa. Kwao mtu aliyeishi miaka mingi huagwa kwa nguo nyeupe na nyeusi, muziki na chakula kwa umati, na kumchezea marehemu ni namna ya kumpa hadhi. BBC iliwaonyesha ulimwengu mwaka 2017. Mapema mwaka 2020 watu wa TikTok wakaichukua video yao na kuibandikia wimbo uitwao Astronomia.

Namna walivyoibandika ndiyo iliyozaa maana ya picha yako. Klipu inaanza na mtu anayefanya jambo la hatari, labda anaruka na baiskeli kutoka juu ya paa. Kabla hajagonga chini, video inakatwa, na mara moja wanaingia wale wabebaji wakicheza. Ajali yenyewe huioni. Jeneza limechukua nafasi ya kile ambacho hakikuonyeshwa, na akili ya mtazamaji inakimalizia. Mtu aliyeziona klipu hizo, hata picha ikiwa kimya kama hii yako, anausikia muziki kichwani na anajua kwamba kinachofuata ni maangamizi. Ugonjwa wa Korona ulipoenea mwaka ule ule, wabebaji wenyewe waliutumia utani huo kwa jambo la maana: waliwaambia watu wakae nyumbani, au watacheza nao.

Sasa, katika yote hayo, shangazi anahitaji nini? Jaribio la kwanza la kijana mwenye nia njema huwa kama hili: "Shangazi, hao ni wabeba jeneza wa Ghana ambao familia huwakodi wacheze kumuaga marehemu kwa heshima. Vijana huweka picha yao kuonyesha kwamba jambo linakwenda kuharibika. Kwa hiyo hapa inachekesha kwa sababu luku itakatika maharage hayajaiva."

Sentensi mbili za kwanza ni nzuri. Ya tatu ifute. Shangazi akishajua jeneza linasimama badala ya nini, macho yake yatapanda yenyewe hadi kwenye ile 0.9, na kicheko kiko katika safari hiyo fupi ya macho. Ukimfikisha wewe, umemnyima. Nimeona mara nyingi kwamba mahali maelezo yanapozidi panajulikana kwa maneno "inachekesha kwa sababu". Yakikujia kwenye vidole, ujue ulipaswa kukoma sentensi moja nyuma.

Lakini angalia kile ambacho sikukifuta: "ambao familia huwakodi" na "kwa heshima". Ni maneno machache, na mtu mwenye haraka angeyaona ni ya ziada. Kwa shangazi hayo ndiyo yanayoondoa mshtuko. Bila hayo ataelewa fumbo na bado atabaki na uchungu kwamba mnacheza na maiti. Kwa hiyo ufupi haupimwi kwa idadi ya maneno. Jina la wimbo, mwaka, Prampram na BBC, vyote ni kweli na vyote havimsaidii jioni hiyo.

Maneno ya picha nayo yana mtego. Wapo wazee watakaouliza, "Kwani mama yako ndiye aliyesema hivyo?" Hawafanyi mzaha. Jina likifuatwa na nukta mbili, kama katika tamthilia, kwenye picha hizi humaanisha mtu yeyote wa aina hiyo: mama wa nyumba yoyote, mwalimu wa shule yoyote. Mzee ambaye hakuzoea huo uandishi anaona mama yako anasemwa mbele ya ukoo. Mjibu kwa upole kwamba ni mama yeyote yule. Na unapoeleza usiyavuruge maneno yenyewe kwa kuyasimulia upya, kwa sababu mpangilio wake una kazi: tarakimu imetangulia, amri ikafuata. Ukisema "mama alitaka kupika maharage halafu wakakuta luku imebaki kidogo," umeugeuza utani kuwa malalamiko ya nyumbani.

Utajuaje kwamba maelezo yamefika? Sikiliza jibu. Shangazi akiandika "si mngeyaloweka tangu jana!" amekwishaingia ndani, anataniana nawe sasa, na kazi yako imekwisha. Akituma kidole gumba peke yake, huenda amekuachia kwa adabu; muulize siku nyingine mkiwa ana kwa ana. Akiuliza "sasa nani amefariki?", kipande cha kwanza hakikufika, nawe rudi kwenye hicho tu bila kuongeza kingine.

Kuna eleza nyingine, mwanangu, na hii ndiyo ninayoihofia zaidi kwa ajili yako. Ni ile inayotoka kwa mtu ambaye hana kawaida ya kuuliza, labda imetanguliwa na jina lako kamili, katika nyumba ambayo arobaini ya marehemu haijafika. Huyo haombi tafsiri. Anakutaka useme kwa nini umetuma jeneza kwake. Ukianza kumsimulia Ghana utakuwa umesema kweli tupu na umemuumiza mara ya pili. Ifute picha kwa wote, kisha usiandike: piga simu, umwambie hukumkumbuka ulipokuwa unatuma, na umpe pole. Kwa hiyo kabla hujajibu eleza yoyote, tazama kwanza jina lililo juu yake na ukumbuke nyumba yao iko katika hali gani. Wanawake wa pwani wanaifanya kazi hii kwa kanga tangu zamani: maandishi ni yale yale dukani, lakini anayeyasoma huangalia nani amejifunga na amepita mlango wa nani.

Na kama picha imetumwa na mwingine, nawe huijui asili yake, usibuni. Picha ya wabebaji hawa imeshasambazwa na watu wakidai ni mazishi ya fulani au ni ya nchi nyingine, na uongo wa kwenye kundi la ukoo hukaa miaka. Itafute picha yenyewe kwa simu yako kwanza, uone ilitoka wapi. Kama hukuipata, sema unachokiona: "Hawa wanacheza na jeneza, na watu huitumia kusema jambo limeharibika, asili yake sijaipata." Shangazi atakuheshimu kwa hilo.

Yale uliyoyaacha hayapotei. Shangazi akishacheka anaweza kuuliza, "Na hao wanalipwa?" Hapo ndipo umtajie Aidoo, na jinsi anavyowauliza wafiwa wanachotaka. Mwanawe akidakia kuuliza wimbo ni upi, mwambie ni Astronomia, ulitungwa na Tony Igy wa Urusi mwaka 2010, na unaosikika kwenye klipu ni ule uliofanywa upya na Vicetone, wawili wa Uholanzi, mwaka 2014. Sasa wameuliza, na kila ulichokuwa umekiweka kina mtu wa kukipokea.