Maskini wa Roho ni Nani?

Bwana Yesu alipofungua kinywa chake mlimani aliwataja kwanza walio maskini wa roho, akawaita heri (Mathayo 5:3). Wengi hulifahamu vibaya neno hili. Hudhani maskini wa roho ni mtu mnyonge, asiye na ushujaa wala akili. Basi na tulitazame neno lenyewe.

Kwa Kiyunani yako maneno mawili. Penes ni mtu asiye na akiba, ila ana nguvu zake, naye hula jasho lake. Ptokhos ni mtu asiye na kitu kabisa, ajikunyataye na kuomba. Mathayo aliandika hili la pili.

Tofauti hiyo watu wa Kyela waijua. Mkulima wa mpunga wa bondeni, hata akiwa maskini, hujisemea, "Nitavuna." Lakini masika yakizidi, mto Songwe au Kiwira hufurika, na maji hulichukua shamba. Ndipo mtu yule huja mlangoni pa jirani kuomba mbegu. Hana cha kulipa, wala hadai haki. Hunyosha mikono yote miwili, kama tulivyofundishwa utotoni kupokea. Naye aliyeshika kitu hawezi kupokea hivyo.

Maskini wa roho ndiye asimamaye mbele za Mungu namna hiyo. Farisayo alifika hekaluni ameshika saumu na zaka zake (Luka 18), akarudi nazo tu. Mtoza ushuru alikuja mikono mitupu. Nasi je? Huenda twaja tumeshika ubatizo wa miaka mingi, au uzee wa kanisa, au kazi yetu ya kufundisha. Martin Luther alipokufa mwaka 1546 ilionekana karatasi yake ya mwisho, ameandika ya kuwa sisi tu waombaji. Mtu aliyefundisha miaka mingi hakupata neno jingine la kujieleza.

Lakini tuangalie jambo moja. Luka (6:20) hakuongeza "wa roho". Aliandika maskini tu, kisha akaandika ole kwa matajiri. Kwa hiyo mwenye ghala iliyojaa asimwambie jirani aliyepotewa na mpunga, "Tulia, wewe u heri." Bwana hakuisifu njaa. Tena asijifariji akisema, "Mimi ni tajiri wa mali, lakini ni maskini wa roho," huku mlango wake umefungwa. Ajijuaye kuwa mwombaji mbele za Mungu humtambua mwombaji mwenzake, humpimia mbegu, wala hamwaibishi. Hapo ndipo twaweza kujipima.

Mwisho, angalieni ahadi. Wenye huzuni waambiwa kwamba watafarijiwa, yaani baadaye. Bali maskini wa roho hawaambiwi wangoje mavuno: ufalme ni wao sasa, kwa kuwa wamekuja na mikono iwezayo kuupokea.