Ndoana Namba Saba: Muuzaji Anadaiwa Nini Mnunuzi Anapokosea?

Swali ninalotaka kulijadili ni dogo kwa sura. Mtu ameingia dukani, amechagua kitu kwa mkono wake mwenyewe, amelipa, ameondoka. Baadaye agundua kwamba amechukua kipimo kisicho chake. Kitu hakina kasoro na muuzaji hakumdanganya. Anarudi na kuomba kwa adabu abadilishiwe. Je, muuzaji anayekataa amefanya kosa lolote? Mwaka jana ningejibu bila kusita kwamba hajakosa. Leo sijibu hivyo, na sababu yake ni boksi moja la ndoana.

Jamaa zangu upande wa mama ni Wabajuni, na mjomba wangu anauza zana za uvuvi Kismayu. Likizo ya Desemba nilikaa naye dukani. Wateja wake wengi wanatoka visiwani: Koyama, Chovai, Chula, na Darakasi, anakotoka mzee ninayemzungumzia hapa. Siku hiyo alinunua vitu viwili, rola la mshipi mnene wa milimita 1.2 na boksi la ndoana 100. Maboksi yalikuwa kwenye rafu. Alinyoosha mkono, akachukua moja, akaliweka mezani. Nikapiga hesabu, akalipa, akaenda zake.

Asiyevua atahitaji maelezo hapa, kwa kuwa kosa lenyewe limejificha katika namba. Ndoana zina mpangilio unaopotosha macho. Kuanzia namba 1, kadiri namba inavyopanda ndivyo ndoana inavyokuwa ndogo; namba 7 ni ndogo kuliko namba 2. Lakini upo upande wa pili wa mpangilio huohuo, unaoandikwa kwa mkwaju na sifuri: 1/0, 2/0, na kuendelea. Huko mambo yanageuka, namba ikipanda ndoana inakua. Kwa hiyo 7 na 7/0 zinafanana kwenye karatasi kama ndugu wa tumbo moja, kumbe kwa hesabu zimepishana hatua 13. Namba 7 ni ya changu wadogo. 7/0 ni ya kolekole na chewa. Mzee alitaka 7/0, akachukua 7.

Alirudi baada ya siku 16. Kutoka Darakasi hadi mjini si safari ya kuamua asubuhi. Kisiwa kiko kusini ya Kismayu na kaskazi ilikuwa inamvumia usoni, na petroli ya mashine haichomwi kwa ajili ya boksi moja la ndoana. Alisubiri mashua iliyokuwa ikileta samaki mjini. Alitoa salamu, akaketi, akauliza hali ya mjomba, ndipo akasema:

“Mwanangu, kosa ni langu, si lako. Macho yalisoma saba, hayakuiona ile sifuri. Nimejaribu ndoana kumi, mshipi haupiti tunduni, na nyingine zimenyooka kwa samaki. Zilizobaki ni hizi 90, kavu, sijazitia maji. Kama yawezekana nibadilishie. Kama haiwezekani, sina neno.”

Nikamwonyesha karatasi iliyobandikwa ukutani: Mali ikishauzwa hairudishwi. Hakubishana. Alikunja mfuko wake akawa anainuka, mjomba akaingia kutoka nyuma na kumwambia akae.

Nianze kwa kujitetea, maana utetezi wangu haukuwa wa kipuuzi. Kwanza, sheria ilikuwa upande wangu. Ukichukua Kenya ninakosoma, Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 31, inamlinda mnunuzi pale bidhaa inapokuwa mbovu au isipolingana na ilivyoelezwa. Ndoana zile zilikuwa nzima na boksi lilisema kweli. Fikihi ya madhehebu ya Shafi, inayofuatwa na watu wa pwani yetu, nayo haikumpa mzee dai. Inatambua hiari ya kikao, yaani kila mmoja anaweza kughairi kabla hawajaachana. Hiari ya sharti, wanayoafikiana wenyewe na isiyozidi siku tatu. Na hiari ya aibu, kitu kinapokutwa na kasoro. Mzee alikuwa ameshaondoka, siku tatu zilikuwa zimepita zamani, na kasoro haikuwapo. Pili, mauzo lazima yawe na mwisho. Muuzaji asiyejua kama fedha aliyopokea ni yake hawezi kuagiza shehena nyingine. Karatasi ya ukutani haikuandikwa kwa uchoyo.

Yote hayo ni kweli, lakini yanathibitisha jambo moja tu, kwamba mzee hakuwa na haki ya kudai. Mimi niliruka kutoka hapo hadi kwamba sikuwa na wajibu wowote, na kuruka huko ndiko kulikokuwa kosa. Fikihi yenyewe haikuishia kwenye hiari tatu. Ina mlango mwingine uitwao ikala: pande mbili kukubaliana kuutengua mkataba uliokwisha timia. Hadithi iliyopokewa na Abu Huraira, iliyomo katika mikusanyo ya Abu Daud na Ibn Majah, inamwahidi anayemkubalia mwenziwe ikala kwamba Mungu naye atamsamehe makosa yake. Tazama jinsi jambo lilivyopangwa. Ikala haimlazimishi muuzaji; hakimu hawezi kumshurutisha. Hata hivyo haikuachwa iwe suala la kupenda na kutopenda, kama mtu anavyopenda chai ya tangawizi au ya iliki. Imewekwa kama jambo jema lenye uzito, na uzito wake unatokana na hali tuliyonayo sote: kila mtu hukosea, na kila mtu atahitaji siku moja asishikwe na kosa lake.

Mjomba hakunihubiria. Alifanya hesabu, nami nikajifunza kwamba ikala ina nidhamu yake. Kwa Mashafi ni utenguzi, si biashara mpya, kwa hiyo hufanyika kwa bei ileile ya kwanza: muuzaji hakati kitu kama adhabu, wala mnunuzi haongezewi bei ikiwa imepanda. Kinachoitwa kubadilisha, ukikitazama vizuri, ni mambo mawili yanayofuatana. Kwanza kutengua mauzo ya kwanza, kisha kuuza upya. Boksi la namba 7 lilikuwa dola 4, yaani senti 4 kila ndoana. Zile kumi zilizoharibika zilibaki kuwa mali ya mzee. Zilizorudi, 90, zilikuwa na thamani ya dola 3 na senti 60. Boksi la 7/0 lilikuwa dola 9. Mzee akaongeza dola 5 na senti 40, mambo yakaisha.

Kabla ya hesabu, mjomba alimwaga ndoana kwenye karatasi nyeupe na kuzisugua kwa kidole. Ndoana iliyoonja maji ya chumvi hutoa unga wa rangi ya kutu, hata kama kwa macho bado inang’aa. Karatasi ilibaki nyeupe. Na kwa kuwa dukani kwake ndoana huuzwa pia kumi kumi, boksi lililofunguliwa halikumtia hasara. Nikamuuliza: je, angerudisha na mshipi pia? Akasema hapana, kama angekuwa ameshaukata. Mshipi uliokatwa vipande haurudi kuwa rola, na kuupokea kungekuwa kulibeba kosa la mzee zima zima. Hapo ndipo nauona mpaka wa wajibu huu. Muuzaji hadaiwi kuchukua hasara ya mwenziwe akaifanya yake. Anadaiwa asimwache mwenziwe na hasara ambayo kuiondoa hakumgharimu kitu, au kunamgharimu kidogo sana.

Liko pingamizi ambalo nimelisikia kwa wenzangu darasani: kama hakuna dai, basi adabu ya mzee ni mbinu tu, njia laini ya kumbana muuzaji mbele ya watu. Ni kweli adabu inaweza kubana. Kumkatalia mtu mzima aliyeketi mbele yako ni kazi ngumu. Lakini nikiyarudia maneno yake naona yalifanya kinyume. Aliposema kosa ni langu, alinipa mimi ushahidi wa kumkatalia. Aliposema kama haiwezekani sina neno, aliuacha mlango wazi nyuma yangu. Angeweza kusema kwamba mimi ndiye niliyempa boksi lisilo lake. Nisingeweza kuthibitisha vinginevyo. Angefanya hivyo, ombi lingegeuka dai la uongo, na ningempa ndoana kwa kuogopa, si kwa hiari. Ombi la kweli linamwachia anayeombwa uhuru wa kukataa. Ndiyo maana kukubali kwake kunahesabika kuwa wema.

Sasa nifike kwenye jambo nililolificha tangu mwanzo, kwa sababu hata dukani nililificha. Siku ya kwanza niliona. Mshipi wa milimita 1.2 na ndoana namba 7 haviendi pamoja. Mtu aliyekaa duka lile wiki moja anajua, nami nilikuwa na wiki tatu. Niliona, nikafikiri labda ana mishipi miwili, nikanyamaza kwa kuwa wateja walikuwa wengi. Mwanafalsafa wa Roma, Sisero, katika kitabu chake juu ya wajibu cha mwaka 44 kabla ya Kristo, anasimulia mfanyabiashara aliyepeleka nafaka Rodo wakati wa njaa, huku akijua kwamba meli nyingine ziko njiani. Je, awaambie wanunuzi, au anyamaze auze kwa bei ya juu? Sisero anaonyesha wanafalsafa wawili wakibishana: mmoja anasema kunyamaza si kuficha, mwingine anataka mnunuzi ajue yote anayoyajua muuzaji. Mwenyewe anaamua kwamba kunyamaza ili mwenzio asijue jambo lenye faida kwake, nawe ukanufaika, ni kuficha.

Mimi sikunyamaza kwa faida. Nilinyamaza kwa uvivu, na sidhani kwamba Sisero angeniita laghai. Lakini swali moja tu, “Mzee, saba au saba sifuri?”, lingechukua muda mfupi kuliko kuhesabu chenji. Kwa hiyo kosa ambalo mzee alilibeba lote mgongoni mwake lilikuwa letu wawili, na mimi nilimwonyesha karatasi ya ukutani.

Hii ndiyo sababu silijibu tena swali langu kama zamani. Tunapouliza muuzaji anadaiwa nini kwa kosa la mnunuzi, tunachukulia kwamba tunajua tayari kosa ni la nani. Katika maduka ya rafu na namba ndogo, mara nyingi hatujui. Mwenye kuuza anazijua namba kila siku. Mwenye kununua anazisoma mara moja kwa msimu. Ombi la adabu linamkuta muuzaji akiwa na jambo la kujiuliza kabla ya kutazama karatasi yake: mimi niliona nini siku ile?

Mzee aliondoka na boksi lake. Sikumwambia. Mjomba nilimwambia usiku, akacheka kidogo, kisha akanipa kalamu nene. Kesho yake asubuhi niliandika kwenye kila boksi la upande wa pili neno KUBWA.