Maneno Sahihi, Maana Imepotea

Hebu fikiria uko Tokyo, mlangoni pa duka. Kibao kina herufi nne katika safu mbili za wima: kulia 本日, kushoto 休業. Mjapani huanza safu ya kulia, juu kwenda chini: “Leo tumefunga.” Simu yako ikisoma kwa mlalo, kushoto kwenda kulia, inakuletea: pumzika, asili, kazi, siku. Wewe unabaki hapo ukingoja mlango ufunguliwe.

Je, simu imedanganya? Kila herufi imeitambua sawasawa, ila mpangilio ni wake, si wa mwenye duka. Kwangu huo bado ni uongo. Ukiona maneno hayashikani hivyo, usilaumu kibao haraka. Rudi uulize aliyekiandika alianzia wapi.