Kasi na Haraka: Mfasiri wa Skripti za Mauzo Anamsemea Nani?

Katika somo la tafsiri tunafundishwa, tukianza na Eugene Nida, kwamba tafsiri nzuri humgusa mpokeaji wake kama matini chanzi ilivyomgusa mpokeaji wa kwanza. Kwa hadithi sina ugomvi na kanuni hiyo. Lakini chukua skripti ya muuzaji wa Kichina anayeuza sufuria mbashara kwenye simu. Athari inayotafutwa pale ni kwamba mtazamaji abonyeze kitufe cha kununua kabla hajapata nafasi ya kufikiri. Je, mfasiri wa Kiswahili anawajibika kuileta athari hiyo pia?

Mimi ni mwenyeji wa Muyinga, nasoma Gitega, na swali hili lilitujia mimi na mwenzangu tulipojaribu kutafsiri skripti ya namna hiyo kama zoezi. Skripti hizi zina mwendo unaojirudia. Kwanza muuzaji anataja kero: chakula kinaganda, mkono unauma kwa kusugua. Kisha anaonyesha bidhaa, anataja bei ya zamani, anaishusha hatua kwa hatua, anaongeza zawadi, na mwisho anahesabu: san, er, yi, shang lianjie! Yaani tatu, mbili, moja, weka kiungo. Ndipo kiungo cha kununulia kinapotokea kwenye skrini.

Ugumu wa kwanza ni wa sauti. Kwa Kichina kila herufi ya maandishi ni silabi moja, hivyo san, er, yi ni silabi 3. Tatu, mbili, moja ni silabi 6. Hesabu inayopigwa kama ngoma inageuka kuwa mwendo wa mzee anayepanda mlima. Bei nazo ni vivyo hivyo. Muuzaji husema: si 199, si 129, ni 99 tu. Kwa Kichina 199 ni silabi 5, lakini "mia moja tisini na tisa" ni silabi 10, na ukiitamka kwa pupa inakuwa uji.

Hata hivyo Kiswahili si kizito kama wengi wanavyodhani. Kitenzi chetu hubeba mtenda, wakati na mtendewa ndani ya neno moja. Mchina akisema wo gei dajia jiangjia le, silabi 7, mimi nasema "nimewapunguzia", silabi 7 vilevile. Pia hakuna sababu ya kubeba zile 99. Ni mazoea ya maduka ya kwao, na huku bei itatajwa kwa faranga. "Si elfu themanini! Si elfu hamsini! Elfu arobaini tu!" Mruko wa kwanza una silabi 7, sawa na wa Kichina ukihesabu na maneno yake ya kukanusha. Tulipousoma kwa sauti ulitembea. Kuhusu kile kihesabio cha mwisho, tulikiacha kabisa tukaweka "haya, haya, haya!", kama wapiga debe wa stendi wanavyofanya gari linapotaka kuondoka. Kasi haihitaji silabi chache, inahitaji mapigo yanayorudi.

Hapo tulikuwa tumefurahi. Kisha tukafika kwenye zuihou wubai dan, "oda mia tano za mwisho". Kutafsiri ni rahisi: "Zimebaki mia tano!" Silabi 8 dhidi ya 5, si mbaya. Tatizo ni kwamba hiyo ni taarifa kuhusu ghala fulani, siku fulani, huko China. Muuzaji wa Gitega akiisoma mbele ya kamera, inakuwa taarifa kuhusu mzigo wake yeye, leo. Katika matini nyingi mfasiri hutoa habari ya kilichosemwa. Skripti ya mauzo inasemwa upya, na kila inaposemwa ni dai jipya. Tafsiri yangu inaweza kuwa sahihi neno kwa neno na bado ikawa uongo.

Ndiyo maana natenganisha kasi na haraka. Kasi ni mali ya sauti ya msemaji, na uchangamfu wake ni haki yake. Haraka ni kitu anachotiwa msikilizaji, na hutiwa kwa madai: zimebaki chache, bei inapanda, wenzako wamenunua. Ya kwanza nitaifuata hadi silabi ya mwisho. Ya pili siiandiki mpaka nijue kama ni kweli.

Mtu atasema mjumbe hauawi. Sawa, lakini mjumbe husema "fulani amesema hivi". Skripti haina fulani, ina "mimi" na "nyinyi". Wachina wenyewe wamelitazama jambo hili. Mwishoni mwa mwaka 2020 kampuni ya muuzaji maarufu Xin Youzhi, anayeitwa Simba, iliwauzia watazamaji kinywaji cha kiota cha ndege kilichogundulika kuwa karibu maji ya sukari matupu. Kampuni hiyo ilitozwa faini ya yuan 900,000. Aliyetengeneza aliadhibiwa, na aliyekinadi pia hakuachwa. Isitoshe, sheria yao ya matangazo iliyorekebishwa mwaka 2015 inakataza maneno ya aina ya "bora kuliko zote", kwa hiyo skripti nyingi huyakwepa. Hapa mfasiri wa Kiswahili ana mtego wake mwenyewe. Akiona sentensi imepoa, huongeza "bora kabisa duniani" ili ichangamke, na kumbe ameingiza dai ambalo mwandishi wa Kichina aliogopa kuliandika.

Pingamizi lenye nguvu zaidi nililipata nyumbani. Shangazi yangu huuza nguo sokoni Muyinga, na akaniuliza kwa kucheka kama nadhani yeye hajawahi kusema "hii ndiyo ya mwisho". Amesema mara nyingi. Lakini mteja wake anaona robota nyuma yake, anaishika nguo, anaondoka hatua kumi akijua ataitwa, na kesho atamkuta palepale. Uongo wa sokoni una dawa yake karibu. Mtu wa kijijini Muyinga anayetuma pesa kwa simu kwa muuzaji wa Gitega hana robota la kutazama, na sufuria itafika kwa basi siku nyingine. Maneno ndiyo soko lake zima.

Basi katika tafsiri yetu tuliandika "Zimebaki ......!" na maelekezo kwa msomaji: hesabu mzigo kabla ya kuanza, jaza namba, na kama hukuhesabu ruka mstari huu. Wimbo haukuharibika, kwa sababu nafasi tuliipima itoshee silabi 2 hadi 5.

Hatukukubaliana juu ya neno moja, jiarenmen, "watu wa familia", ambalo wauzaji hawa huwaitia watazamaji kila baada ya sentensi chache. Mwenzangu aliandika "ndugu zangu", akidai kwamba sokoni kila mtu ni ndugu, mama au shangazi, na hakuna anayedanganyika. Nami naona kwetu mtu uliyemwita ndugu anaweza kukurudia na sufuria iliyotoboka akidai udugu huo, na muuzaji wa kwenye simu atakuwa ameshazima kamera. Niliandika "wateja wangu", silabi 5, moja zaidi ya "ndugu zangu". Mwenzangu anasema limepoa, na kwa sauti ana haki. Nakala yake ina ndugu, yangu ina wateja.