Zamu Tatu Zilizobaki

Ndugu wakigombana juu ya mzazi mgonjwa, mara nyingi wanagombania upendo: nani anampenda mama zaidi, nani amemsahau. Kwangu hilo ni swali la kukwepa. Hata likipata jibu, halimgeuzi mgonjwa kitandani.

Mama yetu alipata kiharusi, upande wa kulia ukalegea. Kwa kuwa hawezi kujigeuza, anatakiwa ageuzwe kila baada ya saa mbili asipate vidonda vya kulala. Kwenye ngozi nyeusi kama yetu wekundu unaweza usionekane, kwa hiyo unapapasa nyonga na visigino: pakiwa na joto au pamekuwa pagumu kuliko pembeni, kidonda kinanyemelea. Kuanzia saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi, hiyo ni kumgeuza mara tano. Na asubuhi kuna kazi.

Mama anaishi kwangu, Dar. Kaka yuko Mwanza, dada Morogoro, mdogo wetu yuko hapa hapa mjini. Niliwaandikia hivi: “Kaka na dada, shikamooni. Mdogo wangu, habari. Mama anageuzwa mara tano kila usiku. Mimi nashika zamu nne za usiku kwa wiki, zimebaki tatu. Kuna pia dawa za presha za kuchukua kila mwezi, na mazoezi ya viungo kila Jumanne. Nani ataweza lipi? Asiyeweza aseme tu, tutafute njia nyingine.”

Sikuandika kwamba nimechoka, ingawa nilikuwa hoi. Uchovu wangu haugawanyiki kwa watu wanne. Zamu zinagawanyika. Na ile “asiyeweza aseme” niliiweka makusudi, maana ombi lisiloruhusu kukataa ni amri, na ndugu mtu mzima akipewa amri hunyamaza tu.

Kaka akajibu: “Mimi si natuma hela?” Ni kweli anatuma, na wanaosema hela si kulea wanamwonea. Lakini hela yake ilikuwa inanunua pampasi na maziwa, usiku ukabaki palepale. Nadhani haki ni kuihesabu hela kwa saa inazomwondolea mtu mwingine. Nikamuuliza kama anaweza kumlipa mlezi wa usiku mara mbili kwa wiki, nikamtajia bei. Alikubali siku hiyohiyo. Kumbe hakuna aliyewahi kumwambia usiku una bei.

Mdogo wetu ana kichanga, usiku hawezi. Kachukua dawa na Jumanne. Dada anafundisha, atakuja likizo zote, wiki nzima nzima, mimi nilale.

Zamu ya Ijumaa usiku bado haina mtu. Nimeiandika kwenye kundi la familia, na mbele yake nimeacha nafasi.