Shukrani kwa Mzee wa Kijiji

Kuku anayepelekwa kwa mzee wa kijiji kabla ya kesi ya shamba kati ya ndugu wawili kuamuliwa ni hongo, hata akiitwa zawadi. Baada ya uamuzi mambo hubadilika, ila huku Navakholo ningependa apelekwe na ndugu wote wawili pamoja, kwa sababu akipelekwa na aliyepata kipande kikubwa peke yake, majirani wataanza kuuliza maswali, na mzee aliyeamua kwa haki ndiye atakayechafuliwa jina.

Lakini shukrani iliyo kubwa zaidi ni kulikamilisha jambo alilolianza. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 60, inahimiza migogoro ya ardhi itatuliwe kwa njia za jamii, ila neno la mzee, na hata mkonge uliopandwa mpakani mbele ya mashahidi, havibadilishi hatimiliki. Kama hati bado ina jina la babu aliyefariki, andikeni makubaliano, mtie sahihi, kisha mwombe barua ya chifu inayowataja warithi wote, mabinti walioolewa wakiwemo, na mfungue kesi ya mirathi mahakamani. Hapo ndipo shamba linaweza kugawanywa kisheria.

Ndugu wengi huishia kwenye kuku. Mzee akifariki, na mashahidi wake wakimfuata, wajukuu huanza ugomvi upya. Fungueni mirathi mzee angali hai, aweze kueleza mpaka ulipita wapi.